Kotesheni Tatu, Kazi Tatu Tofauti

Tuchukue nyumba ya wageni yenye vyumba 12 mjini Bagamoyo. Mwenye nyumba amechoka kupokea maombi ya vyumba kwa simu na kuyaandika kwenye daftari la mapokezi. Anataka tovuti ambayo mgeni ataona chumba kilicho wazi, atakishika na kulipa kwa simu. Anawaandikia mafundi watatu wa kujitegemea ujumbe mmoja mfupi: nahitaji tovuti ya kuweka nafasi za vyumba, ni shilingi ngapi?

Wa kwanza anajibu siku hiyohiyo: shilingi 1,800,000, wiki tatu, kila kitu ndani. Wa pili anauliza maswali kwanza, kisha analeta kurasa mbili na bei ya 3,600,000. Wa tatu anataka 4,500,000, na baada ya mwaka wa kwanza alipwe 150,000 kila mwezi kwa matunzo. Kwa macho ya haraka, wa kwanza ni nafuu mara mbili. Lakini bei hizo tatu haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja, kwa sababu kila fundi ameipigia hesabu kazi aliyoiwaza mwenyewe.

Dawa yake ni mwenye kazi kuandika maelezo ya ukurasa mmoja au miwili na kuwapelekea wote watatu yaleyale. Si lazima ajue kompyuta. Aeleze tu mambo yatakayofanyika. Mgeni aone vyumba na bei kwa Kiswahili na Kiingereza. Chumba kimoja kisiuzwe kwa watu wawili usiku mmoja. Malipo ya simu yaingie kwenye akaunti ya nyumba ya wageni. Mhudumu wa mapokezi aweze kufunga chumba cha mgeni aliyekuja mwenyewe mlangoni. Wafanyakazi wawili wafundishwe kuutumia mfumo. Kisha kila fundi aulizwe maswali yanayofanana: kipi hakimo kwenye bei yako, gharama gani zitarudi kila mwaka, na saa moja ya kazi ya ziada ni kiasi gani?

Majibu ndiyo yanayofumbua kotesheni. Fundi wa kwanza alikuwa amewaza fomu: mgeni anaijaza, barua pepe inakwenda mapokezi, mhudumu anafungua daftari na kumjibu. Kalenda inayozuia chumba kuuzwa mara mbili inaongeza 700,000. Kuunganisha malipo ya simu kunaongeza 900,000. Kwa hiyo kazi iliyoombwa, kwake, ni 3,400,000. Tena hostingi ni bure mwaka wa kwanza tu; baadaye ni 240,000 kwa mwaka, pamoja na leseni ya kiolezo cha tovuti, 160,000 kwa mwaka.

Fundi wa pili hana nyongeza. Bei yake ameikata vipande: kurasa na muonekano 900,000, mfumo wa vyumba 1,200,000, malipo 800,000, tafsiri ya Kiingereza 400,000, mafunzo na makabidhiano 300,000. Hostingi italipwa na mwenye nyumba kwa jina lake, 180,000 kwa mwaka tangu mwanzo.

Sasa hesabu ifanywe kwa miaka mitatu, maana tovuti hailipiwi siku ya kuzinduliwa tu. Programu zake huhitaji kusasishwa, la sivyo mianya ya usalama hubaki wazi. Tuseme mwaka wa pili na wa tatu vitahitaji saa 20 za kazi ya namna hiyo kwa jumla. Fundi wa kwanza anatoza 30,000 kwa saa, wa pili 40,000. Wa kwanza anafika 4,800,000: ile kazi ya 3,400,000, hostingi ya miaka miwili 480,000, leseni 320,000 na saa za ziada 600,000. Wa pili anafika 4,940,000: kazi 3,600,000, hostingi 540,000 na saa 800,000. Wa tatu, ambaye matunzo yake yamebeba hostingi na marekebisho yote, anafika 8,100,000.

Tofauti ya 1,800,000 kati ya wa kwanza na wa pili imebaki 140,000. Wa tatu bado ni ghali, ila sasa inajulikana anauza nini: ameahidi kwamba tovuti ikizimika atakuwa kazini ndani ya saa mbili, hata Jumapili. Kwa hoteli kubwa inayojaza vyumba kupitia mtandao, ahadi hiyo ina thamani yake. Kwa vyumba 12, ambapo mapokezi bado yana simu, pengine ni kununua zaidi ya haja.

Kabla ya kuchagua, ziko dalili ambazo hesabu haizionyeshi. Fundi aliyetaja bei bila kuuliza swali hata moja hajaipima kazi. Maswali mazuri hujitambulisha: mgeni akighairi anarudishiwa pesa? Watoto wanahesabiwaje? Akaunti ya kupokelea malipo mnayo, au ndiyo kwanza mnaomba? Vilevile, tovuti alizowahi kutengeneza zifunguliwe kwenye simu ya bei ndogo, kwa bando la kawaida, si kwenye kompyuta yake yeye. Na mteja wake wa zamani aulizwe jambo moja: ulipomaliza kulipa, aliendelea kupokea simu zako?

Tuseme amechaguliwa wa pili. Hapo makubaliano yanaingia kwenye karatasi, na karatasi hiyo ianze na yale maelezo ya kazi, yaliyosahihishwa na pande zote mbili na kubandikwa kama kiambatisho. Yakibaki kwenye ujumbe wa WhatsApp, miezi mitatu baadaye kila mtu atakumbuka lake.

Kifungu kinachopuuzwa zaidi ni namna ya kupima kama kazi imekamilika. Neno “ikamilike vizuri” halipimiki. Majaribio yaandikwe kimojakimoja. Watu wawili, kila mmoja na simu yake, wajaribu kushika chumba cha mwisho kwa wakati mmoja; mmoja tu afanikiwe. Mgeni alipe, kisha afunge ukurasa kabla haujarudi. Nafasi yake lazima ionekane imelipiwa. Hili la pili ndilo linaloangusha mifumo mingi ya haraka. Mgeni anapoweka namba ya siri kwenye simu, uthibitisho hutoka kwa kampuni ya malipo kwenda kwenye seva ya tovuti, wakati mwingine baada ya sekunde kadhaa. Fundi asiye makini hungoja mgeni arudi kwenye ukurasa ndipo aandike kwamba amelipa. Bando likikata, pesa imeondoka na chumba hakijashikwa. Jaribio la tatu ni la salio lisilotosha: malipo yakishindikana, chumba kifunguke tena baada ya muda uliokubaliwa, tuseme dakika 15.

Malipo ya fundi yafuate majaribio hayo, yasifuate kalenda. Mgawanyo unaofaa kwa 3,600,000 ni huu: asilimia 30, yaani 1,080,000, siku ya kusaini, asilimia 40, yaani 1,440,000, toleo la majaribio linapofunguka na kutumika, asilimia 20, yaani 720,000, majaribio yote yanapopita, na asilimia 10 ya mwisho, 360,000, siku 60 baadaye. Mkataba useme pia nani anabeba kodi. Tanzania, mfanyabiashara anayemlipa mkaazi ada ya huduma kwa kawaida hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Fundi ambaye hakuambiwa mapema atadhani amepunjwa.

Fundi naye alindwe. Akisubiri picha za vyumba kwa wiki nne, ucheleweshaji huo si wake, na tarehe ya kumaliza isogezwe kwa wiki nne. Akikabidhi kazi na mteja akakaa kimya siku 10 za kazi bila kutaja kasoro, ihesabiwe imepokelewa. Bila kifungu hiki, mteja anaweza kutumia tovuti mwaka mzima huku akisema bado anaikagua.

Kisha kuna ugomvi wa kawaida kuliko wote: “Kaka, hapo ongeza na ziara za magofu ya Kaole, si kazi kubwa.” Mkataba utenganishe hitilafu na ombi jipya. Hitilafu ni jambo lililomo kwenye kiambatisho ambalo halifanyi kazi. Hilo fundi atalirekebisha bure kwa siku 90 tangu kazi kupokelewa. Ziara za Kaole hazimo, kwa hiyo ni ombi jipya: fundi anaandika bei na siku zitakazoongezeka, mteja anakubali kwa maandishi, ndipo kazi inaanza.

La umiliki liandikwe waziwazi, kwani sheria hazifanani. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huihesabu kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkataba umesema vingine. Uingereza ni kinyume: fundi wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi. Usalama ni kuandika kwamba msimbo uliotengenezwa kwa ajili ya kazi hii unakuwa wa mteja akishamaliza kulipa, na kwamba zana ambazo fundi alikuwa nazo tangu zamani zinabaki zake, ila mteja ana ruhusa ya kuzitumia ndani ya tovuti hii bila ukomo.

Lakini hakimiliki bila funguo haisaidii. Domeni ya .co.tz isajiliwe kwa jina na barua pepe ya biashara. Akaunti ya seva, akaunti ya GitHub inayohifadhi msimbo na akaunti ya kupokelea malipo ziwe za biashara tangu siku ya kwanza, fundi aingie kama mwalikwa. Msimbo upakiwe huko kila wiki, ili akiugua au wakiachana, mwingine aendelee pale alipofikia. Kwa ajili hiyo, kifungu cha kuachana kinaweza kuwa kifupi: upande wowote utoe notisi ya siku 14, kazi iliyokwisha ilipwe, funguo zote zibaki kwa mwenyewe. Na kwa kuwa mfumo utabeba majina na namba za wageni, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu mwenye nyumba. Fundi asifanyie majaribio taarifa za wageni halisi, na mkataba useme nakala rudufu zinakaa wapi na nani anaweza kuzifungua.

Mwenye nyumba akigundua ana 3,200,000 tu, asimbane fundi ashushe bei ya kazi ileile. Fundi aliyebanwa hufidia kwa kuruka majaribio. Kwa kuwa kotesheni imekatwa vipande, atoe kipande cha Kiingereza cha 400,000 na kukisogeza hadi msimu ujao. Kiambatisho kinafupishwa kwa mstari mmoja, na vifungu vya majaribio, malipo na funguo vinabaki kama vilivyo.