Maswali 24 kwa Robo Saa

Mtoto wa Gredi ya 7 pale Masara, upande wa Suna Magharibi katika Kaunti ya Migori, huwa ameshaona michanganyiko ikitenganishwa kabla hajafungua kitabu cha sayansi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huponda mawe, huyasaga yakawa unga, huuosha unga huo kwa maji, kisha huinasa dhahabu kwa zebaki. Mada ya kutenganisha michanganyiko imo katika mtaala wa gredi hiyo hiyo. Mwalimu anayeifundisha huko ana darasa lenye mengi ya kusema, na swali la mkaguzi ni kama mwalimu huyo anawapa nafasi ya kuyasema.

Anayekaa nyuma ya darasa kulijibu swali hilo huwa ni mkuu wa idara, naibu mwalimu mkuu, au afisa wa mtaala (CSO) aliyefika kwa pikipiki. Mkononi ana fomu, na mahali fulani katika fomu hiyo kuna mstari kuhusu mbinu za kuuliza maswali. Mara nyingi mstari huo hujazwa kipindi kikiisha, kwa kumbukumbu. Kumbukumbu ina upendeleo wake: darasa lenye kelele, vidole juu, “mwalimu mimi, mwalimu mimi” na makofi ya kilo huonekana limechangamka, likapewa alama nzuri. Ndiyo maana wataalamu wa uchunguzi wa masomo hutaka mambo mawili yahesabiwe papo hapo: aina ya kila swali, na sekunde zinazopita kabla mtu yeyote hajasema neno.

Suala la sekunde lilianzia kwa Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyesikiliza kanda nyingi zilizorekodiwa katika masomo ya sayansi. Katika makala yake ya mwaka 1974 alionyesha kwamba walimu, kwa wastani, walisubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha wakarudia swali, wakalijibu wenyewe au wakamtaja mwanafunzi mwingine. Walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliokaa kimya walipungua, na wanafunzi wakaanza kuulizana wao kwa wao. Alipima pia kimya cha pili, kile kinachokuja baada ya mwanafunzi kujibu na kabla ya mwalimu kusema “vizuri”. Watu wengi hukumbuka cha kwanza na kukisahau hiki cha pili, ingawa Rowe aliona kwamba ndicho chenye nguvu zaidi ya kurefusha fikra za mtoto.

Katika Kenya, Kate Pontefract na Frank Hardman walichapisha mwaka 2005 utafiti wao kuhusu mazungumzo katika shule za msingi. Waliona masomo yaliyoongozwa na mwalimu mwanzo hadi mwisho, maelezo mengi, na maswali yaliyojibiwa kwa pamoja kama wimbo. Mtaala wa umilisi umekuja baadaye na maswali dadisi yamechapishwa kwa kila mada, lakini swali lililochapishwa halijasikika darasani mpaka liulizwe, na namna linavyoulizwa ndiyo inayopimwa.

Chukua somo la mfano pale Masara. Ni kipindi cha dakika 40, wanafunzi 52, na mkaguzi amechagua robo saa ya katikati. Karatasi yake ina safu nne: dakika, aina ya swali, sekunde za kusubiri, na kilichotokea baadaye. Pembeni amechora mpangilio wa madawati ili aweke alama kila mtoto anapojibu. Simu iko mezani, saa ya kupimia muda ikiwa wazi. Anapoisikia silabi ya mwisho ya swali anabonyeza. Anaposikia sauti ya yeyote, hata ya mwalimu mwenyewe akirudia swali, anabonyeza tena. Kidole cha binadamu huchelewa kidogo, kwa hiyo kuandika sekunde 1.37 ni kujidanganya. Sekunde nzima zinatosha. Rekodi ya sauti ingesaidia kurudia, ila mvua ikishaanza kupiga mabati hakuna kinachosikika.

Baada ya dakika 15 karatasi ina maswali 24. Maswali 11 ni funge: jibu ni moja na lilishafundishwa, kwa mfano “Chujio hutenganisha nini na nini?” Mengine 6 ni ya kumalizia neno, mwalimu akitaja silabi za kwanza na darasa zima likimalizia. Manne ni “Tumeelewana?”, ambayo jibu lake ni “Ndiyo, mwalimu” hata kwa ambaye hajaelewa. Yanabaki 3 ya wazi. Mkaguzi mvivu angeandika 24 na kusifu. Mkaguzi makini anaona kwamba 10 kati yake yalijibiwa kwa pamoja, kwa hiyo hayamwambii nani anajua nini, na kwamba majibu 13 ya mwanafunzi mmoja mmoja yametoka kwa watoto 5 tu, wanne wao wakiwa wa madawati ya mbele.

Hayo matatu ya wazi ndiyo yanayostahili kuangaliwa kwa karibu. La kwanza lilisubiriwa sekunde 1, kisha mwalimu akalirudia na kulijibu mwenyewe. La pili lilisubiriwa sekunde 6. La tatu, sekunde 4. Wastani ni sekunde 3.7, juu ya zile tatu za Rowe, na mtu akituma wastani huo peke yake kwa mwalimu mkuu, mwalimu ataonekana mvumilivu. Safu ya nne inasema mengine. Katika zile sekunde 6 mwalimu alikuwa ameligeuzia darasa mgongo akifuta ubao. Watoto hawakujua kama wanasubiriwa au wamesahauliwa, na wawili walianza kuchongeana penseli. Kimya hicho kinaandikwa, lakini hakiingizwi katika hesabu ya kusubiri.

Swali la tatu liliulizwa dakika ya 11: kwa nini maji huondoa mchanga kwenye karai la mchimbaji lakini dhahabu ikabaki? Zilipita sekunde 4. Msichana wa dawati la tatu akasema, “Kwa sababu dhahabu ni nzito.” Papo hapo, bila hata sekunde moja kupita, mwalimu akasema, “Vizuri sana, mpigieni makofi,” na akaendelea na uvukizaji.

Hapo ndipo somo lilipoponyoka. Jibu la msichana ni nusu ya ukweli. Punje kubwa ya mchanga inaweza kuwa nzito kuliko chembe ya dhahabu, na bado ndiyo inayochukuliwa na maji. Kinachoamua ni msongamano: ujazo ule ule wa dhahabu una uzito wa karibu mara saba ya ule wa jiwe la kwatzi. Mwalimu angenyamaza sekunde tatu baada ya jibu, huenda mtoto ambaye kaka yake huosha udongo angesema kwamba mchanga mzito pia huondoka. Au angeuliza tu, “Na punje kubwa ya mchanga, mbona inaondoka?” Swali hilo la kufuatilia ndilo linalogeuza swali na jibu kuwa mjadala. Katika robo saa hiyo, karatasi haina swali la namna hiyo hata moja.

Sasa alama. Mwongozo wa Charlotte Danielson, uliotoka Marekani mwaka 1996 na kuigwa katika fomu nyingi duniani, una ngazi nne kwa kipengele cha maswali na mjadala. Ngazi ya chini ni ya maswali ya haraka yenye jibu moja. Ngazi ya pili ni ya mwalimu anayejaribu swali la kufikirisha lakini akawapata wachache tu. Ya tatu inataka wanafunzi wengi wazungumze, mwalimu akikaa pembeni inapofaa. Ya nne inataka wanafunzi wenyewe waanzishe maswali. Somo la Masara linakaa ngazi ya pili. Haliwi la ngazi ya kwanza kwa sababu swali la karai ni la kweli na lilipewa muda. Haliwi la ngazi ya tatu kwa sababu sauti zilikuwa tano na hakuna jibu lililojengwa juu ya jingine. Mtu akiuliza kwa nini mbili, mkaguzi anaweza kuonyesha mistari ya karatasi.

Karatasi yenyewe inaweza kudanganya, na mtego mkubwa ni aina ya swali. Neno “kwa nini” halilifanyi swali kuwa wazi. Kama jana mwalimu aliandikisha daftarini “Dhahabu hubaki kwa sababu ya msongamano wake”, basi swali la leo ni la kukumbuka tu, hata likianza na “kwa nini”. Mkaguzi mgeni hawezi kulijua hilo bila kupekua daftari moja au mawili kabla ya kipindi. Kinyume chake hutokea pia: “Umeona nini kwenye karai?” linaonekana dogo, kumbe linaweza kuibua majibu matano tofauti.

Ndiyo sababu wakaguzi wawili huketi pamoja katika somo moja kabla ya kutumwa shuleni peke yao. Tuseme kila mmoja ameyagawa maswali 40 ya kipindi kizima akapata 32 ya funge na 8 ya wazi, na wamekubaliana katika 34. Hiyo ni asilimia 85, yaonekana salama. Lakini kwa kuwa maswali funge ni mengi mno, wawili hao wangekubaliana asilimia 68 hata kama kila mmoja angegawa kwa kubahatisha. Tazama yale ambayo angalau mmoja wao aliyaita wazi: ni 11, na wamekubaliana katika 5 tu. Yale yaliyowapeleka darasani ndiyo waliyotofautiana juu yake. Wanarudi kwenye mifano, wanaandika kanuni moja ya kuamua, na wanajaribu tena katika darasa jingine.

Lugha nayo inaingia katika saa ya kupimia. Watoto wengi wa Masara hufikiri kwa Dholuo na hutakiwa kujibu kwa Kiingereza. Sekunde tatu za Rowe zilipimwa bila mzigo huo. Mwalimu mjuzi huwaruhusu watete dakika moja kwa Dholuo na jirani kabla ya kuinua vidole. Mkaguzi asiyeijua lugha hiyo asikisie walichosema wala asiandike kwamba darasa lilipiga kelele: anaweka alama kwamba dakika hiyo ilikuwa ya mazungumzo ya wawili wawili, anaiacha nje ya hesabu ya sekunde, na anaanza kuhesabu tena mtoto wa kwanza anapozungumza mbele ya wote.