Ngiri ya Kinena Imepita Wapi?
Swali la mtihani: kijana wa miaka 22 ana uvimbe wa kinena unaoshuka hadi kwenye pumbu. Daktari anamlaza, anaurudisha ndani, kisha anabana kwa kidole juu kidogo ya katikati ya kano ya kinena, penye tundu la ndani la mfereji. Kijana anakohoa, uvimbe hautokei. Basi ngiri ilipitia tundu hilo, na huitwa isiyo ya moja kwa moja. Ingechomoza licha ya kidole, ingekuwa ya moja kwa moja, iliyosukuma ukuta dhaifu wa nyuma wa mfereji.

Kidole hukosea, na watahini wanalijua hilo. Kwenye upasuaji hutazamwa mishipa ya damu ya epigastriki ya chini: ngiri ya kijana huyu itatokea upande wake wa nje, ile nyingine upande wa ndani.