Barua ya mkopo wa laptopu: hesabu ambayo kamati ya kikoba huitafuta

Mwanachama akiomba kikoba mkopo wa kununua magunia mawili ya mchele, kamati ya mikopo haisumbuki sana. Mchele ukiuzika, mtaji na faida vinarudi mkononi ndani ya wiki chache, na rejesho la kwanza linatoka humo humo. Laptopu ya kazi haiendi hivyo. Haiuzwi, inatumika, na fedha yake hurudi kidogo kidogo kwa miezi mingi, ilhali mkopo wa kikundi hudaiwa kwa miezi mitatu au minne. Barua nyingi za kuomba laptopu hukwama hapo. Mwombaji anaeleza kwa maneno mazuri jinsi kompyuta itakavyomsaidia, lakini haonyeshi rejesho la mwezi wa kwanza litatoka wapi.

Muda huo mfupi una sababu. Vikundi vya hisa vya namna hii, ambavyo shirika la CARE liliviasisi mwaka 1991 kwa wanawake wa Niger, vinaendeshwa kwa akiba ya wanachama wenyewe. Kikianza Januari, kikundi hugawana Desemba, na kila shilingi iliyokopwa sharti iwe imerudi sandukuni kabla ya siku hiyo. Tanzania imeviweka vikundi hivi chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, katika daraja la nne, lakini kiwango cha mkopo, riba na muda hupangwa na katiba ya kikundi chenyewe. Kwa hiyo anayetaka laptopu aombe mapema katika mzunguko. Barua ya Oktoba, hata iwe nzuri namna gani, haina miezi ya kulipia.

Tuchukue mfano wa mwenye duka dogo la steshenari Dar es Salaam. Anauza madaftari na kalamu, na ana printa inayotoa pia kopi. Mteja anayetaka kuchapiwa barua au kujaziwa fomu mtandaoni humwelekeza kwa jirani mwenye kompyuta. Kikundi chao kina hisa ya Sh2,000, mwisho hisa tano kwa wiki, na mwanachama hukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Hadi mwanzoni mwa Mei amenunua hisa 70, yaani Sh140,000, hivyo ukomo wake ni Sh420,000. Barua yake inaweza kusomeka hivi:

*Mwenyekiti wa Kamati ya Mikopo,*

*YAH: MAOMBI YA MKOPO WA SH400,000 KWA AJILI YA KUNUNUA LAPTOPU YA KAZI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama namba 14, mwenye hisa 70, na sina deni. Naomba mkopo wa Sh400,000 niulipe kwa miezi minne, Juni hadi Septemba. Laptopu iliyotumika pamoja na begi na kipanya ni Sh550,000. Ankara ya muuzaji nimeiambatanisha. Sh150,000 ninazo.*

*Mwezi Aprili niliandika kwenye daftari kila mteja niliyemwelekeza kwa jirani. Walikuwa 62. Kwa wastani wa Sh2,000 kila mmoja ningepata Sh124,000. Nikitoa bando, umeme, karatasi na wino, zingebaki Sh70,000. Duka kwa sasa huniachia Sh90,000 kwa mwezi baada ya matumizi ya nyumbani. Rejesho la kwanza, pamoja na riba, ni Sh120,000.*

*Wadhamini wangu ni mwanachama namba 6 na namba 21, ambao wametia saini hapa chini. Laptopu nitakuwa nikirudi nayo nyumbani kila jioni.*

*Natanguliza shukrani.*

Barua ni fupi, na naipenda kwa sababu moja: haidai kwamba laptopu itajilipia. Sh70,000 haifiki rejesho la Sh120,000. Mwombaji ameliona hilo akalisema wazi kwa kuweka faida ya duka pembeni yake, na zikijumlishwa zinakuwa Sh160,000. Mjumbe makini atakata makisio ya wateja nusu, kwa kuwa si kila aliyeelekezwa kwa jirani atakuja kwake. Zitabaki Sh35,000 za laptopu na Sh90,000 za duka, jumla Sh125,000. Rejesho bado linalipika, ingawa kwa shida. Duka hilo lingekuwa linaacha Sh60,000, ningemshauri atafute mashine ya bei ya chini au akusanye akiba yake kwanza.

Ule mwezi wa kuandika wateja kwenye daftari ndio uzito wa barua yote. Kauli ya "wateja ni wengi" kamati haiwezi kuipima. Orodha yenye tarehe, kazi iliyotakiwa na bei aliyotoza jirani inapimika, na haigharimu chochote zaidi ya kalamu. Hata majira yamezingatiwa hapa. Dirisha la maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, na wahitimu wa kidato cha sita hufurika kwenye steshenari kujaziwa fomu. Marejesho ya Juni hadi Septemba yanaangukia msimu huo.

Riba inahitaji kuulizwa kabla ya kuandika. Tuseme ni asilimia 5 kwa mwezi. Ikikatwa kwenye deni lililobaki, atalipa Sh20,000, kisha 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000, jumla Sh50,000. Ikikatwa kwenye mkopo wote kila mwezi, jumla ni Sh80,000. Rejesho la kwanza ni lile lile, na ndiyo maana wengi huona tofauti ya Sh30,000 wakiwa tayari wameshasaini.

Wadhamini nao wafanyiwe hesabu. Mwombaji akishindwa, kikundi kitashika hisa zake za Sh140,000, na Sh260,000 zitabaki hewani. Ili zizibwe, kila mdhamini awe na hisa zisizopungua Sh130,000 ambazo hazijadhamini mtu mwingine. Laptopu yenyewe ni dhamana dhaifu: bei hushuka tangu siku ya kununuliwa, na chai ikimwagikia kibodi thamani yake inaweza kuisha papo hapo.

Kuna pia suala la ukwasi wa sanduku. Kikundi cha watu 25, wakinunua wastani wa hisa tatu kila mmoja, hukusanya Sh150,000 kwa wiki, ukiacha marejesho. Mkopo wa Sh400,000 unaweza kufuta zamu za wakopaji wengine kadhaa, kwa hiyo barua ifike kwa katibu wiki mbili tatu kabla. Kamati isimpe nusu kwa nia ya kumridhisha. Mwenye mchele akipewa nusu ananunua gunia moja. Mwenye laptopu hubaki na fedha zinazoliwa nyumbani huku riba ikitembea.

Akikubaliwa, ni busara aende dukani na mwanachama mwenzake. Mashine yenye Windows huonyesha hali ya betri kwa amri hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Ripoti hiyo hutaja FULL CHARGE CAPACITY na DESIGN CAPACITY. Namba ya kwanza ikiwa chini ya nusu ya ile ya pili, betri imechoka, na umeme ukikatika kazi itasimama. Apunguziwe bei inayotosha kununua nyingine au achague mashine tofauti. Namba ya utambulisho iliyo chini ya laptopu iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji na muda wa dhamana yake, kisha risiti hiyo isomwe kwenye mkutano unaofuata na nakala yake ibaki kwa katibu. Bila risiti, mashine ikigundulika kuwa ya wizi itachukuliwa na polisi, na deni litabaki kwake na kwa wadhamini wake wawili.