Joto Moja, Mikazo Miwili

Chukua pau tatu, kila mmoja una urefu wa mita moja: wa shaba nyekundu katikati na wa chuma cha pua kila upande. Zifunge pamoja kwenye ncha zote mbili kwa bolti nene zisizolegea, kisha uzipashe zote joto. Wengi wetu tuliosoma fizikia ya sekondari tungesema kwamba pau zitarefuka na kila mmoja utabanwa. Kurefuka, kweli zitarefuka. Lakini chuma hakitabanwa. Kitavutwa, moto wake wote ukiwa nacho.

Joto peke yake halileti mkazo. Upau ulio huru hurefuka unapopata moto na ndani yake hakuna kani yoyote. Mkazo unakuja pale upau unapozuiwa kufikia urefu unaoutaka, na hapa urefu unaotakiwa na shaba si ule unaotakiwa na chuma. Joto likipanda kwa nyuzi 80 za Selsiasi, upau wa chuma ulio peke yake ungerefuka milimita 0.96, na wa shaba milimita 1.36. Kati yao kuna tofauti ya milimita 0.40, na bolti haziruhusu tofauti hiyo iwepo. Kwa hiyo shaba inarudishwa nyuma, chuma kinaburutwa mbele, na zote zinakutana mahali fulani katikati. Hesabu yote ni kutafuta mahali hapo.

Kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni la kani. Hakuna mtu anayesukuma wala kuvuta pau hizi kutoka nje, hivyo kani inayokivuta chuma lazima iwe sawa na ile inayoibana shaba. Tuseme mkato wa shaba ni milimita za mraba 600, na pau mbili za chuma kwa pamoja zina 400. Kani ile ile ikigawanywa kwenye eneo dogo zaidi hutoa mkazo mkubwa zaidi, kwa hiyo mkazo wa chuma utakuwa mara moja na nusu ya ule wa shaba.

La pili ni la urefu. Kiasi ambacho chuma kinavutwa, ukijumlisha na kiasi ambacho shaba inafinywa, lazima kizibe ile tofauti ya milimita 0.40. Hapo tunahitaji kujua kila metali ni ngumu kiasi gani kunyumbuka, kipimo kinachojulikana kwa jina la Young: newton 200,000 kwa milimita ya mraba kwa chuma, na takriban 110,000 kwa shaba. Mkazo ukigawanywa kwa kipimo hicho unatoa mnyumbuko wa kila milimita ya urefu:

σc/110000 + 1.5σc/200000 = 0.40/1000

Jibu ni newton 24 hivi kwa milimita ya mraba kwenye shaba, na 36 kwenye chuma. Sasa lihakiki, maana hapa ndipo kosa hujitokeza. Mkazo huo unarefusha chuma kwa milimita 0.18 zaidi, jumla 1.14. Shaba inafinywa milimita 0.22, inabaki 1.14. Urefu umelingana. Anayezidisha tu mtanuko wa chuma kwa kipimo chake cha Young hupata 192, na hiyo ni hesabu ya upau uliokwama kati ya kuta mbili zisizosogea, jambo ambalo hapa halipo.

Urefu wa pau, ukiangalia vizuri, haubadilishi jibu: pau za mita mbili zingepata tofauti maradufu, lakini pia nyuzo maradufu ya kuigawana. Kinachobadilisha ni maeneo ya mikato. Na bolti zisisahauliwe, kwa kuwa kila ncha inabeba kani ya karibu newton 14,500, sawa na uzito wa tani moja na nusu hivi.

Shaba iliyolainishwa kwa moto inaweza kuanza kufinyika moja kwa moja, bila kurudi, mkazo ukifika newton 33 hivi. Kwa pau zetu hapo ni kupanda kwa nyuzi kama 110. Tuseme fundi amefika 150, na shaba haikazi zaidi inapofinywa: itakuwa imepoteza milimita 0.2 za urefu wake. Baada ya kila kitu kupoa, mambo yanageuka. Shaba, ambayo sasa ni fupi, inavutwa kwa newton kama 12 kwa milimita ya mraba, na chuma ndicho kinachobanwa, bila hata tone la joto kuongezwa. Kwa macho hakuna kinachoonekana. Lakini bolti za ncha moja zinakataa kutoka kirahisi, na zikishatoka, matundu ya shaba hayalingani tena na ya chuma.