Nani Anaweza Kufuta Picha za Harusi?

Tuseme harusi imefanyika Mombasa. Mama wa bibi harusi yuko hapo hapo mjini, mwanawe wa kiume yuko Maskati, binti yake mwingine anaishi Birmingham. Picha zimepigwa kwa simu kadhaa na kila mtu anazitaka zote. Zikipitia WhatsApp zinabanwa na kupungua ubora, kisha zinafunikwa na salamu za asubuhi. Basi binti wa Birmingham anafungua albamu ya pamoja kwenye Google Photos.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Anaunda albamu, anaipa jina, anaweka picha za kwanza, halafu anabonyeza «Share» na kuwaalika jamaa mmoja mmoja. Panapohitaji utulivu ni ndani ya «Options», kwenye swichi mbili hasa. «Collaborate» ikiwashwa, waalikwa wanaweza kuongeza picha zao. Ikizimwa, wanatazama tu. «Link sharing» ikiwashwa, yeyote aliyepata kiungo anaziona picha, hata kama kimemfikia kupitia kundi la majirani. Kwa picha za siku ya kupamba, ambako wanawake wamevua mabuibui wakiwa peke yao, swichi hii ya pili ni heri ibaki imezimwa.

Kufuta nako kuna mpaka wake. Mwenye albamu anaweza kuondoa picha yoyote na kumtoa mtu yeyote. Wengine wanaondoa walizoweka wenyewe tu. Binamu asiyependa alivyotoka kwenye picha ya shangazi hana la kufanya ila kumwomba shangazi, au mwenye albamu, aiondoe. Na ikiondolewa na mwenye albamu, bado inabaki kwenye akaunti ya shangazi.

Hatari hutokea kwingine.

Simu ya kaka wa Maskati imejaa. Anaingia Google Photos na kufuta picha 100 za harusi, akiamini familia tayari inazo. Zinatoweka kwenye albamu ya wote, kwa sababu albamu ilikuwa ikionyesha picha zilizo kwenye akaunti yake. Akijitoa kwenye albamu, matokeo ni hayo hayo. Dalili ni rahisi kuiona: idadi imeshuka ghafla, na zilizokosekana zote ni za mtu mmoja.

Kama zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, ana siku 60 za kuzirudisha kutoka «Trash». Lakini alichopaswa kutumia ni «Free up space», ambayo huondoa nakala za kwenye simu tu na kuacha zile zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye akaunti.

Dada naye anaweza kubonyeza «Save» kwenye picha za wenzake. Nakala hizo huwa zake, na hubaki hata kaka akifuta za kwake. Ila zinakula nafasi ya dada: gigabaiti 15 za bure, zinazotumiwa pia na barua pepe zake za Gmail. Kwa hiyo familia inakubaliana mapema nani mwenye nafasi ya kutosha, naye anahifadhi zote kabla yeyote hajaanza kusafisha simu yake.