Bei ya Tafsiri: Kipi Huhesabiwa Kwanza?

Ankara ya mfasiri kwa kawaida ni fupi. Ina bei ya neno moja, ina kiwango cha chini ambacho kazi yoyote haiwezi kushuka hapo, ina nyongeza ya kazi ya haraka na, ikiwa nyaraka ni ndefu, ina punguzo la maandishi yanayojirudia. Wateja wengi hubishania ile namba ya kwanza tu: neno ni shilingi 100 au 80? Ugomvi mkubwa, hata hivyo, huzuka baadaye, pale namba hizo nne zinapokutana. Wafasiri wawili wenye bei zilezile wanaweza kumdai mteja mmoja fedha tofauti kwa kazi ileile, na wote wawili wakawa wamejumlisha sawasawa. Kilichowatofautisha ni kipi wamekihesabu kwanza.

Tuchukue bei za mfano ili tuone. Mfasiri wa Dar es Salaam anatoza shilingi 100 kwa neno, kiwango chake cha chini ni shilingi 40,000, kazi ya haraka anaiongezea asilimia 50, na sentensi iliyojirudia anaitoza asilimia 30 tu ya bei ya kawaida.

Anakuja mteja mwenye hati ya talaka kutoka Mahakama ya Mwanzo. Huko mashauri huendeshwa na kuandikwa kwa Kiswahili, na ubalozi anakopeleka maombi ya viza unataka Kiingereza. Hati ni ya ukurasa mmoja, maneno 180. Kwa bei ya neno ni shilingi 18,000, lakini mfasiri anasema 40,000. Mteja anaguna, na mguno wake unaeleweka, maana kwa hesabu hiyo kila neno limefika shilingi 222.

Ila hati ya ukurasa mmoja ina kazi isiyohesabika kwa maneno. Mfasiri lazima asome mwandiko wa karani, aeleze mihuri na saini zilivyokaa, aoanishe majina herufi kwa herufi na yalivyo kwenye pasi ya kusafiria, apange ukurasa ufanane na wa asili, achape, agonge muhuri wake, kisha aandike risiti. Fundi umeme akiitwa nyumbani kubadili swichi moja hadai bei ya swichi peke yake. Kwa hiyo kiwango cha chini ni gharama ya kufungua kazi, na ndiyo sababu mteja mwenye vyeti vitano vya ukurasa mmoja anafanya vizuri kuvileta kwa mkupuo. Akivileta kimoja kimoja kwa siku tofauti atalipa 40,000 mara tano, yaani 200,000. Akivileta pamoja, maneno 900 yanakuwa kazi moja ya shilingi 90,000, ingawa wapo wafasiri wanaotoza kiwango cha chini kwa kila cheti kwa kuwa kila kimoja kinahitaji muhuri wake. Uliza mapema.

Sasa mteja wa talaka anasema anaitaka kesho asubuhi. Hapa ndipo mpangilio wa hesabu unapoanza kuuma. Mfasiri wa kwanza anaanza na 18,000, anaongeza asilimia 50, anapata 27,000. Anaona bado haijafika kiwango cha chini, anaipandisha hadi 40,000. Mteja amelipa kilekile ambacho angelipa kama angesubiri wiki nzima, na mfasiri amekesha bure. Mfasiri wa pili anaipandisha kwanza kazi hadi 40,000, kisha anaongeza nyongeza ya haraka na kudai 60,000. Kwa maoni yangu huyu wa pili ndiye aliye sahihi, kwa sababu haraka inagusa kazi yote, pamoja na ule usumbufu wa kufungua jalada na kugonga muhuri usiku. Lakini ana haki hiyo iwapo tu aliieleza kabla. Kumwambia mteja asiyejua “nyongeza ni asilimia 50” na kumwachia apige hesabu yake kwenye 18,000 ni kujitafutia kelele mlangoni.

Kazi kubwa zina mambo mengine. Mwagizaji wa mashine za kukamua alizeti ana mwongozo wa matumizi wa maneno 8,000 kwa Kiingereza, anautaka kwa Kiswahili. La kwanza la kukubaliana ni kwamba yanahesabiwa maneno ya matini asilia, siyo ya tafsiri. Kiswahili hubeba ndani ya kitenzi kimoja mambo ambayo Kiingereza huyatawanya kwenye maneno manne au matano, kwa hiyo hesabu za pande mbili hazilingani. Tena maneno ya asilia yanajulikana kabla kazi haijaanza, na mteja anaweza kupewa bei kamili siku hiyohiyo. Ujerumani wameukwepa ubishi huu kwa njia nyingine: sheria ya malipo ya wafasiri wa mahakama hutumia mstari wa herufi 55, nafasi zikiwemo, jambo lenye mantiki kwa lugha inayounganisha maneno kuwa neno moja refu.

Hesabu ya maneno nayo isichukuliwe kijuujuu. Programu ya Word haijumuishi maandishi ya juu na chini ya kurasa, na maandishi yaliyo ndani ya picha haiyaoni kabisa. Mwongozo wa mashine umejaa michoro yenye majina ya vipuri, na majina hayo pia yanatakiwa yatafsiriwe. Kama faili limeskaniwa stesheneri, hakuna programu itakayolihesabu hadi maandishi yake yatolewe kwenye picha kwanza, na kazi hiyo kwa kawaida hulipiwa kando.

Baada ya hapo mfasiri anaingiza faili kwenye programu ya kumbukumbu ya tafsiri, kama Trados, memoQ au OmegaT, ambayo ni ya bure. Programu inakata matini sentensi kwa sentensi na kutoa mchanganuo: hizi ni mpya, hizi zinajirudia neno kwa neno, hizi zinakaribiana. Mteja anapaswa kuelewa kwamba kinachotafutwa ni sentensi iliyojirudia. Neno “mashine” likitokea mara 300 katika sentensi 300 tofauti, hakuna punguzo hata la shilingi moja, kwa sababu kila sentensi itabidi ifikiriwe upya.

Katika mwongozo wetu lipo onyo la kuzima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua kifuniko. Kwa Kiingereza lina maneno 12, na limeandikwa mara 40. Hayo ni maneno 480. Mara ya kwanza, maneno 12, hulipwa bei kamili: shilingi 1,200. Mara 39 zilizobaki, maneno 468, hulipwa shilingi 30 kila neno: 14,040. Onyo hilo ambalo lingegharimu 48,000 sasa ni 15,240. Kwa mwongozo mzima, tuseme mchanganuo umetoa maneno mapya 5,600 na ya marudio 2,400. Mapya ni shilingi 560,000, marudio ni 72,000, jumla 632,000 badala ya 800,000.

Kwa nini marudio yasiwe bure kabisa, wakati programu inayajaza yenyewe? Kwa sababu Kiswahili kina ngeli. Sentensi moja ya Kiingereza inayomtaka fundi ahakikishe kitu kimefungwa inaweza kurudiwa chini ya mlango, chini ya dirisha na chini ya kifuniko bila kubadilika herufi. Kwetu mlango umefungwa, dirisha limefungwa na kifuniko kimefungwa. Programu itabandika “umefungwa” kote, na fundi atakayesoma atajiuliza kinachozungumzwa ni kipi. Ile asilimia 30 ni malipo ya jicho la mtu anayepita kila mahali pa marudio kukagua. Ukiona mwongozo wa Kiswahili wenye upatanisho wa kisarufi uliovurugika kwenye orodha za ukaguzi, mara nyingi hapo marudio yalijazwa na hayakupitiwa na mtu.

Yapo pia marudio yanayojificha. Faili lililogeuzwa kutoka PDF mara nyingi huwa limekatwa katikati ya sentensi kila mstari unapoishia. Onyo lilelile likikatwa mahali tofauti kila ukurasa, programu inaona vipande vipya na punguzo linayeyuka. Mteja mwenye faili la asili la Word alipeleke hilo.

Mwenye mashine anasema mafundi wake wanaanza kazi baada ya siku 3. Kasi ya kawaida ya mfasiri mmoja makini ni kama maneno 2,000 kwa siku. Maneno 8,000 ni siku 4, na siku ya tano ni ya mtu wa pili kuipitia tafsiri akiilinganisha na asilia, hatua ambayo kiwango cha kimataifa cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinaitaka. Hata ukihesabu marudio kwa uzito wake mdogo, yaani maneno 6,320, bado ni siku 3 na ushee kabla ya kupitiwa. Hii ni haraka ya kweli. Lakini mteja angeomba siku 5 kisha akatozwa nyongeza, angekuwa na haki ya kukataa.

Nyongeza ya asilimia 50 sasa inapigwa wapi? Ikipigwa kwenye 632,000, ni 316,000, na jumla inakuwa 948,000. Baadhi huipiga kwenye bei kabla ya punguzo, yaani 800,000, wanapata nyongeza ya 400,000 na jumla ya 1,032,000. Tofauti ni shilingi 84,000, na mteja asiyeona mchanganuo hawezi kuigundua. Njia ya kwanza ndiyo ya haki: sentensi iliyokwisha kutafsiriwa haimkimbizi mtu kama sentensi mpya.

Haraka ina hila nyingine. Ili kuwahi, ofisi humgawia kila mfasiri nusu ya mwongozo. Kama wawili hao hawatumii kumbukumbu moja ya pamoja, kila mmoja atalitafsiri lile onyo kwa mara ya kwanza kwa namna yake: huku “swichi kuu”, kule “kizimio kikuu”. Mteja amepewa punguzo la marudio ambayo hayakurudiwa sawasawa, na amelipia haraka iliyomletea kitabu chenye sauti mbili. Anayetoa kazi ya namna hii aulize wafasiri watakuwa wangapi, na kama wanafanya kazi kwenye kumbukumbu moja.

Saa ya haraka ianze kuhesabiwa pale faili la mwisho na malipo ya awali vinapopokelewa, siyo simu ya kwanza inapopigwa. Kurasa zitakazoongezwa baada ya hapo zipewe makadirio yake. Na ukipewa makadirio yenye jumla peke yake, bila kuonyesha maneno mapya, maneno ya marudio, kiwango cha chini na mahali nyongeza ilipopigwa, usilipe bado. Yarudishe, uombe mchanganuo.