Kabla ya Kuinua Zege

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, watu wa jirani walianza kufukua kifusi kwa mikono. Ndivyo inavyokuwa karibu kila penye maafa: majirani huwatoa walio juu juu. Mwokoaji aliyesomea kazi huachiwa walionaswa ndani kabisa, na kwa hao haraka inaweza kuua.

Kariakoo, baadhi ya walionaswa walisikika wakizungumza, wakapelekewa maji, glukosi na oksijeni huku njia ikitafutwa. Watazamaji huuliza mbona tingatinga haliingii. Haliingii kwa sababu anayezungumza yumo katika mwanya mdogo, ambapo slabu moja imeegemea nyingine. Ukiitikisa hiyo, mwanya unafunga.

Kwa hiyo kamanda huamuru mitambo izimwe na watu wote wanyamaze. Mmoja hugonga au kuita. Wenzake, waliojipanga pande mbalimbali, hutega masikio kisha kila mmoja huonyesha alikosikia sauti. Njia ikipatikana, zege huinuliwa kwa jeki kidogo kidogo, na kila linapopanda, vipande vya mbao hupangwa chini yake kwa kupishana. Jeki ikiteleza, mbao zitaupokea mzigo.

Lakini hatua inayompima mtu hasa ni ile ya kuchelewesha kuinua. Mguu uliobanwa kwa saa kadhaa huanza kufa misuli, na misuli hiyo humwaga potasiamu na protini. Zege likiondolewa ghafla, damu huvirudisha mwilini: potasiamu inaweza kuusimamisha moyo, protini kuziba figo. Mtu aliyekuwa akiongea anazimika akiwa tayari mikononi mwa waokoaji. Ndiyo maana mhudumu wa afya hujipenyeza kwanza na kumtundikia dripu ya maji ya chumvi, kwa mtu mzima yapata lita moja kwa saa, mgonjwa akiwa bado amebanwa. Ringa hukwepwa, kwani yenyewe ina potasiamu.

Sasa fikiria unasihiwa, "Nitoe, kaka," nawe jeki unayo, lakini unasubiri dripu. Mwenye huruma isiyo na breki hafai hapo. Asiye na huruma naye hafai, maana kuzungumza na aliyenaswa ni sehemu ya kazi.

Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania wana chuo chao Chogo, Handeni. Anayevutiwa zaidi na kupanga na kuratibu anaweza kusomea usimamizi wa maafa Chuo Kikuu Ardhi, au Masinde Muliro kule Kakamega.

Jambo moja madarasa hulifundisha kwa shida: kuondoka. Zamu ikiisha, mwokoaji hukabidhi kwa mwenzake kiasi cha dripu kilichoingia na mbao zilipofikia, kisha hutoka, hata kama aliyekuwa akimfariji bado yumo. Anayegoma huondolewa kwa amri, kwa sababu aliyechoka hupanga mbao vibaya.